Wingi wa wanafunzi hauiponyi sampuli

Nikishika ripoti ya utafiti huanza na sura ya mbinu, kisha narudi kwenye ikisiri. Mara nyingi hazikubaliani. Kwenye mbinu ni wanafunzi 100 wa mwaka wa kwanza waliojaza hojaji darasani. Kwenye ikisiri wamekwisha kuwa "watu wazima". Jambo hili linaniudhi, kwa sababu anayeishia kwenye ikisiri hana njia ya kujua.

Ukimhoji mtafiti, atakuambia ataongeza idadi. Haya, tupige hesabu ya mfano. Tuseme katika kila watu wazima 100, 10 wako chuoni. Wa chuoni, asilimia 80 hupata habari kupitia simu; wasio chuoni, asilimia 40. Basi kwa watu wazima wote jibu la kweli ni 8 kujumlisha 36, yaani asilimia 44. Ukihoji wanafunzi 100 utapata kama asilimia 80, na kosa la nasibu la takriban 8 juu au chini. Ukihoji 1,600, kosa hilo linashuka hadi 2. Kilichopungua ni kuyumba tu. Umbali wa 36 kutoka kwenye ukweli uko palepale, na sasa mtafiti anajiamini zaidi.

Jarida la Literary Digest liliyaona hayo Marekani mwaka 1936. Lilikusanya majibu zaidi ya milioni 2, likatabiri Landon angemshinda Roosevelt katika uchaguzi wa urais. Roosevelt alishinda kwa kishindo.

Wengine hukimbilia kupima uzito wa majibu ili kundi dogo lihesabiwe zaidi. Hilo lina maana kama kundi hilo limo. Ambaye hajawahi kuingia darasani hamo kabisa, na sifuri hata ukiizidisha mara 1,000 ni sifuri.

Utetezi ninaouheshimu ni huu: kwamba tunachunguza namna akili inavyofanya kazi, na akili ni ile ile kwa kila mtu. Lakini hata macho yamelikataa dai hilo. Kuna mchoro wa Müller-Lyer, mistari miwili yenye urefu sawa, mmoja ncha zake zimefungwa kama mishale na mwingine zimefunguka. Segall na wenzake walioupeleka kwa jamii mbalimbali walichapisha matokeo mwaka 1966: Wamarekani walidanganyika sana wakaona mstari mmoja ni mrefu zaidi, Wasan wa Kalahari karibu hawakudanganyika. Wanafunzi peke yao wasingeweza kuonyesha tofauti hiyo.

Sisemi wanafunzi wasitumike. Ukiwagawa kwa nasibu katika makundi mawili, ulinganisho ni halali kwa hao waliogawiwa. Tatizo ni kuchanganya kugawa kwa nasibu na kuchagua kwa nasibu, kisha kuiita sampuli ya makusudi ile iliyopatikana kwa sababu darasa lilikuwa karibu. Iandikwe kwa jina lake, sampuli ya urahisi, na neno "wanafunzi" likae kwenye kichwa cha ripoti.