Waliotengwa ni 14, wagonjwa ni wangapi?

"Taarifa za mlipuko zinatufikia kwa Kiingereza, sisi tunazigeuza ili wahudumu wa afya ngazi ya jamii wakazisome vijijini. Wakubwa wetu wanataka istilahi moja kwa kila neno, wahudumu wanasema istilahi hazieleweki. Karantini na kutengwa tufanye neno moja? Na 'kiwango cha maambukizi' si kinatosha?" wananiuliza wafasiri wenzangu.

Niliwahi kuona karatasi imebandikwa kwenye mlango wa ofisi ya kijiji, wakati wa mpoksi. Mstari wa tatu ulisema: "Waliotengwa: 14." Mhudumu aliusoma kwenye mkutano kama ulivyoandikwa. Kabla ya magharibi kijiji cha jirani kilikuwa na habari kwamba huku kuna wagonjwa kumi na wanne. Ukweli ni kwamba wagonjwa walikuwa wawili. Wale kumi na wawili wengine walikuwa wazima, watu waliokula au kulala nyumba moja na wagonjwa hao, na mmoja wao alikuwa mama muuza maandazi ambaye hakuwa na hata kipele. Asubuhi iliyofuata alirudi nyumbani na beseni lake limejaa kama alivyolitoa.

Mfasiri wa ile karatasi nilikuwa mimi. Kiingereza kilikuwa na safu mbili, ya wagonjwa waliowekwa peke yao na ya watu wanaoangaliwa afya. Mimi nikaona zote ni kutengwa tu, nikajumlisha ili karatasi isirefuke.

Kwa hiyo nawaelewa wakubwa wanaodai istilahi moja isiyobadilika. Namba ya kijiji haibaki kijijini: inapanda kwenye kata, wilaya, mkoa hadi wizarani, na kila mmoja anajumlisha za waliopo chini yake. Muandishi mmoja akiweka "waliowekwa kando", mwingine "wanaotunzwa peke yao", wa tatu "waliozuiliwa", yule wa wilayani atajumlisha nini na nini? Halafu karantini ni amri pia, si ushauri. Anayeivunja anaweza kujibu kwa sheria, na amri haiandikwi kwa mafumbo. Wanaongeza kwamba watu wetu si wajinga, walijifunza UKIMWI, VVU na chanjo, watajifunza na haya. Hapo kwenye kujifunza ndipo ninapopungukiwa na imani. UKIMWI tulikuwa na miaka ya kuuelewa. Mlipuko wa Marburg wa Kagera ulitangazwa tarehe 21 Machi 2023 na kutangazwa kuisha tarehe 2 Juni, siku 73 tu, na kati ya hizo zimo siku 42 za kungoja kuona kama hatokei mgonjwa mwingine. Neno ambalo msikilizaji analielewa wiki ya sita halimsaidii mtu aliyemuosha marehemu wiki ya kwanza.

Tuanze na kutenga. Kitenzi chenyewe hakina ubaya. Mama anatenga chakula, fundi anatenga mbao nzuri na mbovu. Ubaya unaingia tunapokitumia kwa mtu. Mtu aliyetengwa, kwa masikio ya wengi, ni aliyekosa. Kuna waumini wanaotengwa na kanisa kwa kosa la ndoa, kuna ukoo unaomtenga mchawi. Ukimwambia baba wa nyumba kwamba mwanawe "ametengwa", umemletea kesi kabla ya ugonjwa. Kujitenga nako kuna lake: anayejitenga ni mwenye maringo au mwenye kinyongo, asiyekuja msibani. Lakini angalia, neno hili lina faida moja ambayo sioni neno jingine likiwa nayo: kila mtu anajua kwamba anayetengwa hachanganyiki na wengine. Kwa mgonjwa mwenye virusi vya Marburg, hicho ndicho tunachotaka kisikike. Ndiyo maana silifuti. Ninachokifanya ni kulihamisha kutoka kwa mtu kwenda kwenye mahali: chumba cha kutengea wagonjwa, wodi ya kutengea. Hapo mtu anabaki mgonjwa, na kinachotenga ni chumba.

Karantini ina mzigo wa namna nyingine, na unategemea unaongea na nani. Kwa mfugaji, karantini ni tangazo la kwamba homa ya mapafu ya ng'ombe au ugonjwa wa midomo na miguu umeingia: mnada unafungwa, ng'ombe hatoki, awe mgonjwa au mzima. Huyu ana nusu ya maana tayari, na ni ile nusu ngumu, kwamba mzima naye huzuiliwa. Kwa Mkenya aliyepita mwaka 2020, ni habari nyingine. Waliotua na ndege mwishoni mwa Machi walipelekwa karantini ya lazima kwa gharama zao, na wengine waliovunja kafyu wakapelekwa hukohuko. Mpaka serikali inatangaza Mei kwamba italipia wanaokaa kwenye vituo vyake, neno lilikuwa limeshakaa karibu na jela. Kwa hadhira hiyo, ukiandika karantini umeandika adhabu, na anayeogopa adhabu hamtaji aliyelala naye chumba kimoja.

Wapo wanaolikwepa kwa kuandika "kizuizini". Tafadhali. Kizuizini ni kwa wafungwa wa siasa.

Tofauti ambayo neno lolote tutakalochagua lazima liibebe ni hii: wa kutengwa anaumwa, tunamweka peke yake ili asiambukize, wa karantini ni mzima, ila amekutana na ugonjwa, tunangoja tuone. Kungoja huko hakumstui mzee wa Pwani ukimtajia eda. Mjane si mgonjwa wala hana kosa, anakaa siku zenye hesabu, na moja ya sababu zinazotajwa ni kujua kama ana mimba. Nimeona mfano huu ukifanya kazi vizuri ana kwa ana, lakini kwenye karatasi siuweki: mwanaume ataudharau, asiye Mwislamu hautamgusa, na shehe anaweza kusema mmeichezea ibada. Wa kuku hauna ugomvi na mtu. Yai huatamiwa siku 21, na siku ya kumi ukilitazama kwa nje huwezi kujua kama lina kifaranga. Virusi vya Ebola na Marburg navyo vinaweza kukaa mwilini hadi siku 21 bila dalili. Hesabu zimegongana tu, lakini zimegongana vizuri, na swali la "mbona nimeshakaa wiki na siumwi?" linajibiwa kwa yai bila hotuba.

Nilidhani basi suluhisho ni "uangalizi": mgonjwa anatengewa chumba, mzima yupo chini ya uangalizi. Muuguzi mmoja alinicheka. Nyumbani kwake, akasema, aliye kwenye uangalizi ni yule wa wodi ya uangalizi maalumu, anayepumulia mashine. "Anafuatiliwa" nako kunanuka polisi, sawa na "mshukiwa", ambalo afadhali huku Tanzania tumelibadilisha kwa "mhisiwa". Kilichobaki mkononi ni kusema kinachotendeka: "atatembelewa kila siku na kupimwa joto mpaka siku ya 21." Ni kirefu, ndiyo. Lakini kinalazimisha mfasiri aseme kama mtu huyo anaruhusiwa kutoka au la, jambo ambalo neno moja hulificha. Aliyekutana na mgonjwa wa Marburg tunataka asichanganyike. Aliyekutana na wa mpoksi, kwa mwongozo wa Shirika la Afya Duniani, anaweza kuendelea na shughuli zake ikiwa hana dalili na anajichunguza siku zote 21, huku akiepuka kujamiiana. Yaani yule mama alikuwa na haki ya kuuza maandazi yake. Taarifa ilimruhusu, tafsiri yangu ikamfungia.

Upande wa namba, nakubali kushindwa haraka zaidi. Insidensi, yaani wanaougua wapya, na prevalensi, yaani wote waliopo na ugonjwa, kwa herufi za Kiswahili bado ni Kiingereza. "Ushamiri", ambao wengine wanauandika kwa maana ya waliopo na ugonjwa, unapotosha, maana kinachoshamiri kinaongezeka. "Kiwango cha maambukizi" ndicho kibaya kuliko vyote kwa sababu kinaonekana kizuri. Utafiti wa VVU Tanzania wa 2022–2023 ulikuta watu wazima wenye virusi ni asilimia 4.4, na wanaoambukizwa upya kwa mwaka ni asilimia 0.18. Magazeti huita ile ya kwanza kiwango cha maambukizi, na msikilizaji anaelewa kwamba watu wanne katika kila mia wanaambukizwa sasa hivi. Zaidi ya hapo, dawa za kufubaza zinapofanya kazi watu hawafi, kwa hiyo ile ya kwanza inaweza isishuke hata kama maambukizi mapya yanapungua mwaka hadi mwaka.

Kwenye mlipuko jambo hilohilo hutokea ndani ya wiki tatu. Chukua kata ya mfano yenye mpoksi. Wiki ya kwanza wanaugua 12. Ya pili wanaugua wapya 8, na kwa kuwa vidonda huchukua wiki mbili hadi nne kupona, hakuna aliyetoka: sasa wapo 20. Ya tatu wapya ni 4, wamepona 3: wapo 21. Mwenye kusoma safu moja anaona 12, 8, 4, mlipuko unazimika. Mwenye kusoma nyingine anaona 12, 20, 21, mambo yanaharibika. Wote wamesoma sawa. Ni simtanki: bomba la juu limepunguzwa, la chini halijaanza kutoa vizuri, maji yanaendelea kupanda kidogo. Hapa sihitaji istilahi kabisa, nahitaji mistari miwili: "Walioanza kuugua wiki hii: 4. Wanaoumwa hadi leo Jumapili: 21." Tarehe iwe ndani ya mstari wenyewe, si juu ya karatasi, kwa sababu karatasi hupigwa picha na kuzungushwa Wasapu hadi mwezi ujao.

Kwa hiyo simnyimi mkubwa istilahi yake. Fomu inayopanda wilayani ibaki na karantini na kutengwa, kila moja na maana yake ikiandikwa mara moja chini ya jedwali, zisichanganywe kamwe. Karatasi inayoshuka kijijini iandikwe kwa sentensi, na karantini itokee pale tu ambapo amri kweli imetolewa. Gharama ipo: nyaraka mbili badala ya moja, na usiku wa mlipuko kuna mtu mmoja wa kuzigeuza zote. Ujumbe wa simu wenye herufi 160 utakataa sentensi yangu ya siku 21, na hapo utalazimika kuchagua kati ya muda na ruhusa ya kutoka. Mimi hubakiza ruhusa, muda nautuma kwenye ujumbe wa pili.

Kabla ya kubandika, mpe mhudumu asome, kisha uchukue karatasi na umwombe amweleze mama mkwe wake. Usimuulize kama ameelewa, atasema ndiyo. Mwulize wagonjwa ni wangapi. Ile ya kwangu ningeifanyia hivyo, angejibu kumi na wanne.