Alama 2, 5 au 9 kwa karatasi ileile

"Mwalimu, habari za kazi. Kijana wangu wa kidato cha nne kakosea kitu kimoja tu kwenye swali la Kemia, hakusawazisha mlinganyo. Kuanzia hapo hesabu zake zote ziko sawa, nimemwonyesha hata mjomba wake. Kapewa 2 kwa 10. Hivi kosa moja linaadhibiwa mara ngapi?"

Nilimwomba mama huyu anipigie picha ya karatasi, kwa sababu jibu la swali lake limo ndani ya hesabu. Swali ni la titresheni, la aina ambayo kila aliyepita kwenye maabara ya sekondari anaikumbuka. Mwanafunzi amepewa gramu 14.3 za sodiamu kaboneti yenye maji ya fuwele, Na2CO3·xH2O, zilizoyeyushwa mpaka kufikia lita moja. Anachukua sentimita za ujazo 25 kwa pipeti, anaitia asidi ya HCl ya molariti 0.1 kutoka kwenye bureti, na wastani wa asidi iliyotumika ni sentimita za ujazo 25.00. Anatakiwa atoe wastani huo (alama 1), aandike mlinganyo uliosawazishwa (2), atafute molariti ya kaboneti (3), masi ya moli moja yake (2), kisha thamani ya x (2).

Njia sahihi inakwenda hivi:

```
Na2CO3 + 2HCl -> 2NaCl + H2O + CO2
(0.1 × 25) / (Mb × 25) = 2/1    Mb = 0.05
14.3 / 0.05 = 286
106 + 18x = 286                 x = 10
```

Kijana aliandika kemikali zote kwa fomula sahihi, ila hakuweka ile 2 mbele ya HCl wala mbele ya NaCl. Akasoma uwiano kwenye mlinganyo wake mwenyewe, moja kwa moja, akapata molariti 0.1. Akagawa 14.3 kwa 0.1, akapata 143. Akatoa 106, zikabaki 37, akagawa kwa 18, akapata 2.06, akaandika x = 2 na kuipigia mstari. Hakuna hatua hata moja hapo aliyokosea kugawa, kutoa au kuchagua kanuni. Mwalimu wake alilinganisha majibu na mwongozo: 0.1 si 0.05, mkasi, 143 si 286, mkasi, 2 si 10, mkasi. Zikabaki alama moja ya wastani na moja ya fomula.

Msahihishaji mwingine angempa 5. Miongozo mingi ya mitihani hugawa alama kwa herufi: M ni ya njia, A ni ya jibu linalotokana na njia hiyo. Kwa mpangilio huo kijana anapata alama ya kuandika kanuni ya titresheni, ya kugawa gramu kwa molariti, na ya kujua kwamba 106 na 18x vinajumlishwa. Majibu yenyewe hayapati kitu kwa sababu si sahihi.

Msahihishaji wa tatu angempa 9. Huyu anabeba kosa mbele: anaondoa alama moja pale mlinganyo uliposhindwa kusawazika, kisha anasahihisha yote yanayofuata kana kwamba mlinganyo wa mtoto ndio mlinganyo wa swali. Kwa uwiano wa moja kwa moja, 0.1 ni jibu sahihi. Kwa 0.1, masi ni 143 na si vingine. Pembeni huandikwa FT, yaani follow through, na kazi inaendelea.

Kati ya 2 na 9 kuna umbali wa kufeli na kufaulu vizuri sana, na wino kwenye karatasi ni uleule. Ndiyo maana siwezi kukubali jambo hili liachiwe moyo wa msahihishaji, mmoja mkarimu na mwingine mkali. Swali la kuuliza ni hili: alama ya kipengele cha nne iliwekwa ili ipime nini? Kama iliwekwa kupima iwapo mtoto anaweza kutoka kwenye gramu na molariti akafika kwenye masi ya moli, basi 143 imelithibitisha hilo kikamilifu sawa na 286. Kumnyima alama ni kupima kusawazisha mlinganyo kwa mara ya pili kwa jina la kitu kingine. Hapo mama huyu yuko sahihi, na alama 2 zile hazielezi anachokijua mwanawe.

Kwenye titresheni, isitoshe, tunabeba makosa mbele kila siku bila kuyapa jina. Mtoto akisoma bureti vibaya akapata 26.50, anapoteza alama ya usahihi wa usomaji, lakini hesabu zake zinasahihishwa kwa 26.50 yake. Kenya usomaji wa mtahiniwa hulinganishwa na thamani ya shule, ile aliyoipata mwalimu kwa vifaa na kemikali zilezile, kisha hesabu hufuata namba ya mtahiniwa. Sijawahi kusikia mtu akilalamika kwamba huo ni upendeleo. Tumekubali kwamba jicho linaweza kukosea na kichwa kikabaki kizima.

Hata hivyo wanaopinga si watu wa roho mbaya, na hoja yao nzito kuliko zote imo ndani ya swali hilihili. Chukua mwanafunzi wa pili ambaye amesawazisha mlinganyo vizuri lakini ameugeuza uwiano, akaweka 1/2 badala ya 2/1. Molariti yake ni 0.2. Masi ni 71.5. Akitoa 106 anapata hasi 34.5, na x inakuwa hasi 1.92. Kila hatua baada ya kosa imefuata kanuni. Je, naye apewe alama zote zinazofuata? Chumvi haiwezi kuwa na molekuli hasi za maji. Kabla hata ya kufika huko, masi ya 71.5 ilitakiwa kumshtua, maana kaboneti kavu peke yake ni 106. Kuitia tiki hasi 1.92 ni kumfundisha mtoto kwamba namba haina maana yoyote nje ya kikokotoo.

Mitihani ya Hisabati ya IB, yaani International Baccalaureate, imeliwekea jambo hili mpaka ulio wazi. Kosa likizaa thamani isiyowezekana, kama uwezekano uliozidi 1, alama ya jibu la mwisho haitolewi hata kama njia imefuatwa. Kosa likilirahisisha swali kupita kiasi, msahihishaji hutoa alama pungufu. Na ndani ya kipengele kimoja, jibu lililotumia kosa halipati tena alama za A, ila za M zinaweza kutolewa. Kubeba mbele kunaanza pale kosa linapovuka kutoka kipengele kimoja kwenda kingine. Lazima pia kazi iwe imeonyeshwa, jibu tupu halibebwi. Kwa mpaka huo kijana wetu wa x = 2 anapona, kwa sababu chumvi yenye maji mawili ya fuwele ni jambo linalowezekana na hana namna ya kulitilia shaka kwa alichopewa. Mwenzake anapata alama za njia, anapoteza ya mwisho. Mimi ningeongeza jambo moja: akiandika chini "jibu ni hasi, kuna mahali nimekosea", nampa hiyo alama. Ameonyesha ujuzi ambao wengi waliopata 10 hawakuhitaji kuuonyesha.

Yupo na wa tatu, ambaye wasahihishaji wote tunamjua. Hesabu yake inafika 143 kama ya kijana wetu, halafu mstari wa mwisho unasema x = 10, kwa sababu amekumbuka kutoka darasani kwamba magadi ya aina hii yana maji kumi. Anayesahihisha kwa kutazama jibu la mwisho atampa alama na kumnyima yule wa x = 2. Anayefuata kosa atafanya kinyume chake, maana 10 haitoki kwenye 143. Nikiwekewa karatasi hizi mbili mezani sina shaka ni ipi iliyofanya Kemia.

Hoja nyingine ya upande wa pili ni ya muda, na asiyewahi kukaa na rundo la karatasi huichukulia kirahisi. Jibu sahihi ni moja, yenye makosa hayana idadi. Kila kosa jipya linamtaka msahihishaji achukue kikokotoo na kuisuka upya hesabu ya mtoto, hatua nne, kisha ageukie karatasi inayofuata yenye kosa lake. Anapochoka huanza kukisia, na wasahihishaji wawili waliochoka hawakisii sawa. Kwenye mtihani wa taifa hilo ni tatizo kubwa kuliko ukali, kwa sababu ukali ulio sawa kwa wote angalau unaeleweka. Dawa yake ni kuyaorodhesha makosa ya kawaida kabla ya kazi kuanza. Kwa swali letu ni mawili tu yanayojirudia, uwiano wa 1/1 na uwiano wa 1/2. Ukiandika kwenye mwongozo safu ya 0.1, 143, 2 na safu ya 0.2, 71.5, hasi 1.92, karatasi nyingi hazihitaji kikokotoo tena.

Pengine wenye hoja ya jibu-ni-jibu wako kwenye mahali pao pa haki. Anayejifunza uuguzi akikokotoa paracetamol ya mtoto wa kilo 10, miligramu 15 kwa kilo, anatakiwa afike miligramu 150, yaani mililita 6.25 za dawa ya maji yenye miligramu 120 kwa kila mililita 5. Akiteleza nukta mwanzoni akafika 62.5, hiyo ni zaidi ya nusu ya chupa ya mililita 100, na njia nzuri aliyoifuata baada ya kuteleza haimsaidii mtoto. Mtihani ule unapima kama tunaweza kumkabidhi mgonjwa. Wa kidato cha nne unapima amejifunza nini mpaka sasa.

Kwa mtunga swali kuna njia ya kulimaliza nusu ya tatizo kabla karatasi haijachapwa. Badala ya "tafuta molariti ya kaboneti" andika "onyesha kwamba molariti ya kaboneti ni 0.05". Aliyekwama kwenye mlinganyo anapoteza alama zake pale, kisha anaichukua 0.05 aliyopewa na kuendelea na masi na x bila kubeba chochote. Ubaya wake ni kwamba mwenye uwiano wa 1/1 ataona 0.1 yake haifanani na iliyotajwa, na atashawishika kuilazimisha. Kwa hiyo kwenye kipengele kile jibu halina alama, alama zote ni za mistari inayolifikia.

Mama huyu nilimshauri arudi kwa mwalimu na karatasi, kwa heshima, asiombe alama ziongezwe. Amwombe waisome pamoja kuanzia mstari wa mlinganyo, kijana akiwepo, kila mstari wakiuliza umetoka wapi. Na kabla ya hapo kijana asawazishe ule mlinganyo mwenyewe, kwa sababu alama moja ile aliikosa kwa haki.