Skwati nzito kabla ya mbio: nguvu hiyo inatoka wapi?

"Nacheza winga, nina kilo 78, na skwati yangu ya juu kabisa ni kilo 110. Kocha mmoja anasema nibebe nzito kabla ya kuruka na kukimbia, eti misuli inaamka. Mwenzake anasema huko ni kujichosha bure. Nimsikilize nani?"

Makocha wote wawili wameona jambo la kweli, ila kila mmoja ameliangalia kwa dakika yake. Anayekuambia unajichosha amemwona mchezaji akiweka chuma chini na kuruka papo hapo, na akaruka chini kuliko kawaida. Anayesema misuli inaamka amemwona yule yule dakika kadhaa baadaye. Mwaka 2008 mtafiti Liam Kilduff na wenzake walilipima jambo hili kwa wachezaji 20 wa raga wa kulipwa: seti tatu za marudio matatu, uzito wa asilimia 87 ya kiwango cha juu cha kila mmoja, kisha kuruka wima mara tu baada ya mzigo na tena kila dakika nne hadi dakika ya 24. Sekunde kama 15 baada ya skwati, kimo kilishuka. Kufikia dakika ya nane kikawa juu ya pale walipoanzia. Baadaye faida ikayeyuka. Tafiti nyingi zilizofuata zimeonyesha mkondo huo huo, ingawa dakika yenyewe hutofautiana kati ya mtu na mtu.

Kwa hiyo hatubishani kama faida ipo. Ubishi uko kwenye chanzo chake, na hapo ndipo uamuzi wako unapotegemea.

Maelezo yaliyozoeleka yanatoka ndani ya seli ya msuli. Neva inapotoa amri, kalisi humwagika ndani ya uzi wa msuli. Sehemu ya kalisi hiyo hushikana na protini iitwayo kalmodulini, nayo huamsha kimeng'enya kinachobandika fosfati karibu na shingo ya mayosini. Vichwa vya mayosini ndivyo vinavyoshika na kuvuta nyuzi za aktini ili msuli ujikunje. Vikishabandikwa fosfati, vichwa hivyo husogea karibu zaidi na aktini, hivyo kalisi ile ile kidogo inatosha kuvishikisha vingi zaidi. Msuli unafika kwenye nguvu yake upesi zaidi. Hali hii hujitokeza zaidi kwenye nyuzi za kasi, zile zile anazozitegemea winga, na hakuna anayeipinga: ukiusisimua msuli kwa mshtuko mdogo wa umeme mara tu baada ya mtu kukaza kwa nguvu zote, mkazo wake unaonekana wazi kuwa umeongezeka nguvu.

Tatizo ni saa. Nyongeza hiyo inayopimwa kwa umeme hupungua haraka mno. Makadirio ya kawaida kwa binadamu ni kwamba nusu yake hupotea katika sekunde 28 hivi. Baada ya dakika moja imebaki kama robo, na baada ya dakika tano hakuna cha kuhesabu. Sasa linganisha na wale wachezaji wa raga waliofika kileleni dakika ya nane. Jambo lililokwisha dakika ya tano litawezaje kukurusha dakika ya nane?

Watetezi wa maelezo ya zamani wana jibu, na si jibu la kupuuzwa. Wanasema mzigo mzito huzaa vitu viwili kwa pamoja, uchovu na uamsho, na kwamba uchovu ndio hutangulia kuondoka. Unaporuka mapema, uchovu unaufunika uamsho. Ukisubiri, uamsho unabaki peke yake. Ni picha nzuri, na kwa miaka mingi ndiyo iliyofundishwa. Lakini inadai uamsho uwe wa kudumu kuliko uchovu, na vipimo vya umeme vinasema sivyo. Ndiyo maana mwaka 2017, na kwa uzito zaidi mwaka 2019 katika mapitio ya Anthony Blazevich na Nicolas Babault, watafiti walianza kuyatenga mambo mawili yaliyokuwa yakiitwa jina moja. Kifupisho PAP kikabaki kwa ile nyongeza fupi inayopimwa kwa umeme. PAPE kikawa cha nyongeza ya kuruka na kukimbia inayokuja dakika kadhaa baadaye. Mimi niko upande wao. Aliyetaka kuendelea kuchanganya hizi mbili anadaiwa maelezo ya zile dakika tatu hivi, tangu ya tano hadi ya nane, zisizo na mwenyewe.

Basi ni nini kinachokurusha dakika ya nane? Mgombea mwenye nguvu ni joto la msuli. Msuli ukipanda nyuzi moja ya joto, nguvu za mruko hupanda kwa asilimia chache, na joto la ndani ya paja hupanda polepole kwa dakika, si kwa sekunde, na halishuki ghafla. Saa yake inalingana vizuri zaidi na matokeo. Yapo pia maji na damu vinavyojaa ndani ya msuli uliofanya kazi, na msukumo wa neva: mtu aliyetoka kunyanyua kilo 95 hukabili mruko wa mwili wake mtupu akiwa na ari nyingine. Na hapa kuna kero ambayo watafiti hawana dawa nayo. Dawa ya kichwa unaweza kuilinganisha na kidonge cha unga mtupu, mgonjwa asijue kipi ni kipi. Chuma hakifichiki. Kila mchezaji anajua kama amebeba au hajabeba, na mara nyingi anajua pia kinachotarajiwa kwake.

Ukikubali kwamba joto lina sehemu kubwa, swali la mazoezi linageuka. Nenda kwenye kiwanja chochote cha Nairobi asubuhi ya Julai, wakati vijana wamejikunyata kwenye majaketi na nyasi bado zina umande. Wanakimbia raundi mbili, wananyoosha miguu, halafu wanapimwa kuruka. Mpe mmoja wao skwati nzito baada ya hapo, ataruka zaidi, na kocha atasema misuli imeamka. Pengine alichofanya chuma ni kumalizia kazi ya kupasha mwili iliyoachwa nusu. Faida ya namna hiyo ungeipata kwa kukimbia mbio fupi za kuongeza kasi na miruko michache, bila kutafuta jimu.

Hilo unaweza kulipima mwenyewe kwa simu. Chukua video ya mwendo wa polepole ya picha 240 kwa sekunde, hesabu picha tangu vidole viachane na ardhi hadi viguse tena, gawanya kwa 240 upate muda wa kuwa hewani, kisha:

```
kimo (m) = 9.81 × muda × muda ÷ 8
```

Usitumie video ya kawaida ya picha 30. Hapo picha moja tu ya tofauti ni karibu sentimita tano, kubwa kuliko nyongeza unayoitafuta. Kwa picha 240, picha moja ni kama milimita sita. Na mrukaji atue miguu ikiwa imenyooka kama ilivyokuwa alipoondoka. Akikunja magoti hewani, muda unarefuka na utajidanganya. Saa ya kubonyeza kwa kidole kwenye mbio za mita 30 pia haifai, kwa sababu makosa ya kidole ni makubwa kuliko faida yote inayotafutwa.

Sasa siku mbili, saa ile ile, mavazi yale yale. Siku ya kwanza pasha mwili vizuri, ruka, panda taratibu hadi kilo 95, ambayo kwako ni karibu asilimia 87, fanya marudio matatu, kisha ruka dakika ya nne, ya nane na ya 12. Siku ya pili fanya vyote hivyo isipokuwa chuma. Tuseme kabla ya mzigo umekaa hewani picha 144, ambazo ni sentimita 44.1. Dakika ya nane baada ya skwati ni picha 147, yaani sentimita 46.0. Karibu sentimita mbili, utafurahi. Lakini siku isiyo na chuma, dakika ile ile, umepata picha 146, sentimita 45.4. Kumbe chuma chenyewe kimekuongezea picha moja, na picha moja inaweza kuwa jicho lako tu lililokosea kuhesabu. Wanaolinganisha kabla na baada bila siku ya pili ndio wanaoondoka na hadithi kubwa. Hata siku mbili ni chache. Rudia hadi uone kama tofauti inakaa upande mmoja.

Kwa upande wa wanaotetea chuma, kuna watu ambao tofauti hiyo inakaa. Mapitio ya Laurent Seitz na Gregory Haff ya mwaka 2016 yaliona kwamba wenye nguvu hufaidika zaidi na hupona uchovu mapema: mwanamume anayechuchumaa na uzito wa angalau mara 1.75 ya mwili wake, mwanamke mara 1.5. Hao walihitaji mapumziko ya dakika tano hadi saba, wasiofikia kiwango hicho walihitaji nane au zaidi. Wewe, kwa kilo 110 juu ya mwili wa kilo 78, uko mara 1.4. Kufika 1.75 kunadai kilo 136 au 137. Kwa hiyo kwako seti ile nzito ina gharama kubwa na malipo madogo, na kilo hizo 26 zitakupa kasi ya kudumu kuliko dakika nane za kubahatisha.

Siku ya mechi ugumu unaongezeka. Kipindi cha raga ya wachezaji saba ni dakika saba, na kabla ya kuanza kuna kupanga mstari, kukaguliwa viatu, kusubiri refa. Kwenye mashindano makubwa ya riadha, kama ya Kasarani, mkimbiaji huingizwa mapema kwenye chumba cha kusubiri kuitwa, akakaa humo huku dakika yake nzuri ikipita. Hakuna chuma mle ndani. Aliyepanga kila kitu kwa dakika ya nane anaweza kujikuta mstarini dakika ya 25 akiwa ameshapoa.

Kwenye mazoezi mambo ni tofauti, kwa sababu saa ni yako. Hata hivyo piga hesabu ya seti nne, kila moja na mapumziko ya dakika nane kabla ya kuruka: nusu saa na zaidi imekwisha. Katika jimu yenye fremu moja ya skwati na wachezaji 15 kwenye foleni, kocha anayekukatalia huenda hapingi sayansi hata kidogo.