Nyimbo ni za Mungu, lakini rekodi ina mwenyewe

Siku ya tatu ya matanga ya koko yetu, hapa Kadutu, Bukavu, mdogo wangu alikesha na simu akitengeneza klipu ya dakika tatu. Aliweka picha za koko tangu ujana wake, na chini yake "Bwana Mungu nashangaa kabisa", wimbo ambao koko aliuimba kila asubuhi akiwasha makaa. Akaiweka Facebook ili wana walio mbali wapate kulia pamoja nasi. Alfajiri akaniamsha: "Yaya, sauti imekatwa." Picha zilikuwa zinapita kimya.

Pasta alipoambiwa alitikisa kichwa. "Ndugu yangu, nyimbo ni za Mungu. Nani anaweza kusema ni zake?"

Nampenda pasta wetu, lakini jibu hili limetuchelewesha miaka mingi. Kila korali ya Bukavu yenye simu nzuri sasa inatoa klipu za ibada, na karibu zote zinachukua sauti ya mtu mwingine kwa imani kwamba cha kanisa ni cha wote. Sheria yetu ya Kongo ya tarehe 5 Aprili 1986 haikuweka mlango wa pembeni kwa ajili ya kanisa mtandaoni. Inalinda mtunzi muda wa uhai wake na miaka 50 baada ya kifo chake. Katika nchi nyingi za nje ni miaka 70, na klipu ikiwekwa mtandaoni inavuka mpaka siku hiyo hiyo.

Basi tuuchukue wimbo wa koko wenyewe, tuufungue safu kwa safu. Shairi la kwanza ni la Mswidi Carl Boberg, aliyeliandika mwaka 1885 na kufariki mwaka 1940. Haki yake imekwisha, hapa na huko kwenye miaka 70. Lahani ni ya zamani, ya watu wa Uswidi. (Sisi tuliopokea Injili ya Kipentekoste kwa Waswidi tungefurahi hadithi iishie hapo.) Lakini Kiswahili tunachoimba hakifuati Kiswidi. Kinafuata Kiingereza cha mmisionari Stuart Hine, kilichotoka mwaka 1949. Maneno ya ubeti wa nyota na ngurumo kama tunavyouimba ni yake, na ubeti wa msalaba, ule unaowaliza watu matangani, haumo kabisa katika shairi la Boberg. Hine alifariki mwaka 1989. Hesabu mwenyewe: kwa sheria yetu maneno yake yanalindwa hadi mwisho wa 2039, na kwa nchi za miaka 70 hadi mwisho wa 2059. Tafsiri ya Kiswahili imesimama juu ya maneno hayo, na mfasiri naye ana haki juu ya kazi yake.

Hizo ni safu za wimbo tu. Juu yake kuna rekodi, na rekodi ndiyo iliyotukata sauti. Mashine za Facebook na YouTube hazijui koko wala Boberg. Zinalinganisha sauti ya klipu yako na mafaili ambayo wenye rekodi wamezipa. Zikipata mfanano, zinafanya alichochagua mwenye rekodi: kunyamazisha, kuzuia, au kuacha klipu iendelee huku fedha za matangazo zikienda kwake.

Nilimtafuta kiongozi wa korali iliyoimba rekodi ile. Mtu mwema sana, akasema, "Tumieni tu, poleni na msiba." Tukairudisha klipu, ikakatwa tena. Sababu tuliijua baadaye: korali ilikuwa imempa mtayarishaji rekodi, naye akaipa kampuni inayosambaza muziki mtandaoni. Kiongozi alitoa ruhusa kwa moyo wote, ila haikuwa mikononi mwake. Ukiomba ruhusa, uliza kwanza nani anaisambaza rekodi, pata neno lake kwa maandishi, na umwombe aiachilie klipu yako kwa anwani yake kamili. Bila hilo la mwisho, mashine itakata tu.

Jirani yetu, mwalimu wa madrasa, aliniambia kwao tatizo hili halipo kwa sababu kaswida haina ala. Nilimwonyesha klipu ya kijana wake iliyozuiwa. Sauti ya mtu bila gitaa bado ni rekodi, na dufu halibadilishi kitu. Maneno ya Burda ya al-Busiri yana zaidi ya miaka 700, hakuna wa kuyadai, lakini kikundi kilichoyaimba studio kina haki juu ya sauti yake. Hali ni ileile na kisomo cha Kurani: aya hazina mmiliki, rekodi ya msomaji inaye.

Ile hadithi ya kuchukua sekunde 30 tu haina msingi. Kuandika chini "sidai haki ya wimbo huu" hakusaidii. Ni kukiri tu kwamba unajua si wako. Na kanali zinazojiita za muziki huru, nyingi zimepakia vitu vya wengine.

Muziki huru wa kweli upo, nakubali, na maktaba ya sauti iliyo ndani ya YouTube Studio ni mahali pazuri pa kuanzia. Ila soma masharti ya kila wimbo. Nyingi zina leseni za Creative Commons, yaani ruhusa ambayo mtunzi ameitoa mapema kwa wote kwa masharti yake. Zile zenye herufi ND zinakataza kusambaza kazi iliyobadilishwa, na leseni zenyewe zinasema kwamba kuunganisha muziki na picha zinazotembea ni kubadilisha. Kwa hiyo wimbo wa ND haufai kwa klipu hata usipogusa noti moja. Ukiona BY peke yake, tumia na uandike jina la mtunzi, jina la wimbo na leseni. Ukiona NC, usiweke matangazo ya fedha.

Sisi tuliamua kurekodi wenyewe. Tulichagua "Yesu kwetu ni rafiki", ambao koko aliupenda vilevile. Maneno ya kwanza ni ya Joseph Scriven, aliyefariki mwaka 1886. Lahani ni ya Charles Converse, aliyefariki mwaka 1918. Mfasiri wa Kiswahili hatukumpata, kwa hiyo tuliacha maneno: gitaa moja, na mama watatu wakiimba lahani kwa midomo iliyofungwa. Tulirekodi saa kumi na moja alfajiri kabla ya pikipiki kuamka, simu juu ya mto, mablanketi madirishani. Kila mmoja alisaini karatasi kwamba anaruhusu sauti yake itumike.

Tuliiweka YouTube, na bado dai likaja: mashine ilidhani lahani ni ya rekodi ya mtu. Mdogo wangu aliogopa kanali itafungwa. Nilimweleza kwamba dai la Content ID, ile mashine ya YouTube inayolinganisha sauti, si onyo la hakimiliki. Maonyo matatu ndani ya siku 90 ndiyo yanayofunga kanali. Tulipinga, tukaandika kwamba lahani ni ya Converse, aliyefariki mwaka 1918, na kwamba sauti ni yetu, tumerekodi wenyewe. Mdai ana siku 30 za kujibu. Siku ya kumi na mbili dai liliondolewa.

Jioni ile shangazi alitutumia ujumbe wa sauti kutoka mbali. Hakusema neno. Alikuwa anafuata lahani, midomo imefungwa.