Eti "chukua kibao"!

Inanikera sana mtu kunitumia lebo ya dawa iliyotafsiriwa na mashine kutoka Kiingereza, bila picha ya lebo yenyewe, halafu aniambie "pitia haraka tu". Mashine imesoma kila mstari wa picha kana kwamba ni sentensi kamili, ndiyo maana naletewa: "Chukua kibao kimoja mara mbili. Kila siku na chakula. Weka nje ya. Kufikia kwa watoto." Naunganisha kwanza mistari iliyokatwa, ndipo naandika: "Meza kidonge kimoja mara mbili kwa siku, pamoja na chakula. Weka mbali na watoto." Lugha hiyo nainyoosha. Lakini namba je? Nukta ikipotelea kwenye mkunjo wa lebo, miligramu 2.5 zinageuka 25, na sentensi inabaki safi kabisa. Nitumieni picha, jamani!