Mwalimu mstaafu, jina lako halifai dukani

Mwalimu akistaafu, washauri hawakosekani. Fungua duka. Fuga kuku. Nunua pikipiki umpe kijana akuletee hesabu jioni. Wote wanakitazama kiinua mgongo, na hakuna anayeuliza huyu mtu amefanya nini miaka 30 iliyopita.

Nina ugomvi na duka hasa. Heshima uliyo nayo mtaani ndiyo itakayoliua. Nusu ya wateja uliwafundisha, nusu nyingine uliwafundishia watoto, na wote wanaamini mwalimu hawezi kuwanyima mkopo. Daftari la madeni linajaa huku rafu zinabaki tupu, na kudai unaona haya. Jina zuri linaleta pesa pale tu ambapo mteja ananunua uaminifu wenyewe, na sioni mahali pengine panapolingana na mzazi anayekukabidhi mtoto wake.

Sisemi twisheni ya mitihani. Hiyo waachie vijana, wana mbio na mtaala mpya wanaujua. Nasema darasa dogo la watoto wa darasa la 4 hadi la 6 ambao bado hawajui kusoma. Wapo wengi kuliko wanavyotajwa, kwa sababu mzazi anaona aibu na mtoto amekuwa hodari wa kujificha.

Kazi huanza kwa kupima, dakika 10 kwa kila mtoto, akiwa peke yake nawe. Shirika la Pratham la India limeujulisha ulimwengu utaratibu rahisi: herufi, maneno, aya fupi, kisha hadithi. Unamweka mtoto pale alipokwama, hata kama yuko darasa la 5. Mimi naongeza maneno yasiyo na maana. Mvulana mmoja aliletwa kwangu akisemwa ni mvivu. Nilimwonyesha "kalenda", akasoma "kalamu". "Nyumba" ikawa "nyuma". Alikuwa anaona mwanzo wa neno, mengine anabuni. Nikampa "pomela" na "tisuku", ambayo hayabuniki, akayasoma polepole lakini sawasawa. Kwenye "nywega" na "mbwilo" akanyamaza kabisa.

Hapo tatizo likajulikana. Silabi nyepesi alikuwa nazo. Zilizomshinda ni zile zenye konsonanti zinazofuatana: mba, nda, nywa, mbwa. Kumrudisha kwenye a, e, i, o, u kungempotezea muda na kumdhalilisha. Tulikaa na silabi hizo tu, kwanza katika maneno yasiyo na maana, halafu katika sentensi, na baada ya wiki 10 alikuwa anasoma aya bila kubahatisha. (Kabla ya yote hayo, simamisha mtoto mbali kidogo na ubao umuulize anaona nini. Wengine shida yao ni macho.)

Sasa hesabu. Chukulia pensheni yako ya mwezi ni mafungu 100. Kila mtoto alipe mafungu 5 kwa mwezi, kabla mwezi haujaanza. Pokea watoto 12 katika vikundi 2 vya watoto 6, kila kikundi saa 1, siku 3 kwa wiki. Hizo ni saa 6 za kazi, na sauti yako itazimudu. Mmoja msomeshe bure, maana utaombwa tu, afadhali uamue mwenyewe nani. Wawili watachelewesha malipo. Wanabaki 9, yaani mafungu 45. Ukitoa 6 ya chaki, karatasi na vitabu, una 39 juu ya pensheni. Siyo utajiri. Lakini vifaa vya kuanzia havipaswi kuzidi pensheni ya mwezi 1, na kiinua mgongo hakijaguswa.

Kinachoharibu darasa hili ni huruma. Unapokea wa 13, wa 15, na ghafla una watoto 20 wa viwango tofauti, unarudi kufundisha kwa kupaza sauti kama zamani. Kingine ni kazi za shuleni: mzazi ataomba "umsaidie na ya leo kidogo". Ukikubali, mwezi umekwisha mtoto hajasogea, na mzazi huyohuyo ndiye atakayesema umeshindwa. Fundisha barazani, mlango wazi, wapita njia wakiona. Usibaki na mtoto mmoja chumbani hata kama kila mtu anakuheshimu. Ukaulize pia serikali ya mtaa kama darasa la nyumbani linahitaji kibali.

Kila baada ya wiki 4 rudia kipimo mbele ya mzazi, kwa karatasi ya kiwango kilekile lakini yenye maneno mapya. Mtoto akisoma hadithi, mimi humwambia mzazi mwezi ujao asilipe, tumemaliza. Huwa anabaki amesimama barazani, kisha ananiuliza kama naweza kumpokea na mtoto wa dada yake.