Wanaamkiana, ila wamenuniana

Ukitaka kujua kama mke na mume wana amani, usingoje kusikia wakifokeana. Sikiliza wanavyoamkiana asubuhi. Kwetu Pwani, katika nyumba nyingi, salamu haikatwi siku ya kwanza ya ugomvi. Hupunguzwa, na wanaoishi humo husikia ilipopungua.

Siku ya heri mambo huwa hivi. Mke ametangulia uani, chai iko jikoni, mume anatoka chumbani.

"Umeamkaje, Mama Asha?"

"Nimeamka salama, Baba Asha, sijui wewe."

"Alhamdulillahi. Na lile jino?"

"Limepoa. Niliweza kulala."

Kitanda ni kimoja. Mume anajua fika kama mwenzake alilala au aligaagaa mpaka alfajiri, na bado anauliza. Kwangu mimi salamu yenyewe ni hilo jino. Hayo ya mwanzo huambiwa hata muuza maziwa mlangoni.

Kukiwa na jambo, jino ndilo la kwanza kuachwa. Kisha linaondoka lile "sijui wewe", halafu jina. Inabaki "Umeamkaje?" na "Salama," basi, kila mtu akatazama upande wake. Mama mkwe aliyekaa kwenye mkeka akivuta uradi hahitaji kuambiwa kitu. Mgeni angekaa hapo asubuhi nzima asishuku lolote, maana wameamkiana.

Siku ya pili au ya tatu, kama halijasemwa, mtoto anafanywa tarishi. "Asha, mwambie baba yako chai tayari." Baba yako, naye yuko hatua mbili tu, amesikia. "Mwambie mama yako leo sinywi." Mtoto anazungusha shingo huku na huku, hajui kama akayarudie maneno au anyamaze. Hapa ndipo nisipokuwa na subira na watu wazima. Nuneni mpendavyo, lakini mtoto anayekwenda shule hana sababu ya kubeba ujumbe wa watu wanaoonana. Naye atakuja kuwatolea shikamoo bibi na babu kwa sauti ya kuminya, aulizwe yeye kama anaumwa.

Zipo nyumba ambazo mke humwamkia mume shikamoo. Huko dalili hukaa kwenye jibu. Mke hawezi kuiacha shikamoo yake, kwa kuwa wakwe wanasikia, ila marahaba inatoka mume akiwa amempa kisogo, anatafuta viatu. Ndiyo maana sikubaliani na wanaosema mke akitimiza salamu yake nyumba imetulia. Katika Sura An-Nisaa, aya ya 86, tumeamrishwa tukiamkiwa tuitikie kwa lililo bora zaidi, au angalau turudishe lile lile. Mzigo uko kwa anayeitikia pia. Na ile hadithi ya kutomhama ndugu yako zaidi ya siku tatu, kuna wanaume, na wanawake wapo, wanaoifanya kama likizo: wanahesabu, siku ya tatu jioni wanatoa "assalamu alaikum" moja kavu ili wasiingie dhambini. Wanasahau hadithi hiyo hiyo inasema mbora wao ni anayeanza salamu.

Lakini si kila kimya ni kununa. Dereva wa daladala anatoka saa kumi alfajiri na hataki kumwamsha mtu. Mwezi wa Ramadhani watu hula daku, wakarudi kulala, na kila mmoja akaamka kwa wakati wake. Mama aliyekesha na mtoto mwenye homa anaweza kukupita kama hakukuona. Tofauti huonekana baadaye. Aliyechoka huirudia salamu aliyoikosa: atapiga simu saa nne, au atarudi mchana aanze na "hatujaonana tangu asubuhi, vipi mtoto?" Aliyenuna hairudii. Atapiga simu hiyo hiyo aseme mkaa umeletwa, akate.

Mama mkwe mwenye busara haingii mapema. Akimuuliza mwanawe mbele ya mkewe "mna nini?", kila mmoja atasema hakuna kitu, na hapo wameshafungwa na uongo wao. Nimeona wazee wakimtuma mwana sokoni, kisha wakakaa na mkwe wakichambua mchele, wakazungumza mengine kabisa mpaka lenyewe likatoka. Mara nyingi ni pesa, au neno lililosemwa mbele ya shemeji.

Na wanandoa wenyewe wakipatana, mara chache utasikia "nisamehe". Utasikia tu asubuhi moja mume, chai mkononi, anauliza kama dawa ya jino ilisaidia, na mke anamjibu kwa urefu usio wa lazima.